Miezi Sita Katika Ukurasa Mmoja

Barua yenyewe huwa fupi. Juu kuna kumbukumbu namba na tarehe, kisha neno "Ndugu" na jina la mfanyakazi, na chini yake mstari wa herufi kubwa: YAH: MATOKEO YA TATHMINI YA KIPINDI CHA MAJARIBIO. Katika ofisi nyingi za Tanzania sentensi ya kwanza inajulikana hata kabla ya kusomwa: "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu." Macho ya anayeipokea huiruka sentensi hiyo na kwenda kutafuta jambo moja tu. Je, amethibitishwa kazini, ameongezewa muda, au ndiyo safari imeishia hapo?

Barua hizi hutofautiana katika yale yanayofuata baada ya jibu. Moja itasema tu kwamba utendaji haukuridhisha, na kumtakia mhusika kila la heri. Nyingine itataja kazi ipi ilikuwa na kasoro, kipimo kilichokubaliwa, tarehe ambayo mfanyakazi aliambiwa, msaada aliopewa na kilichotokea baadaye. Ya kwanza huandikwa kwa dakika kumi. Ya pili haiandikiki kwa siku moja hata mwandishi akikesha, kwa sababu malighafi yake hukusanywa tangu mwezi wa kwanza wa ajira.

Kanuni inataka nini

Tanzania Bara, mwongozo wa jambo hili umo katika Kanuni za Utendaji Bora katika Ajira, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Kanuni ya 10 ndiyo inayomhusu mfanyakazi aliye katika majaribio. Inasema kipindi hicho kiwe cha urefu unaofaa, kisizidi miezi 12, kwa kuangalia aina ya kazi, kiwango kinachotakiwa na desturi ya sekta. Lengo lake ni kumwezesha mwajiri kujua kwa uhakika kama mtu huyu anaiweza kazi na anafaa kuwa nayo.

Kanuni hiyo haimruhusu mwajiri kukaa kando miezi yote akisubiri siku ya hukumu. Inamtaka afuatilie utendaji mara kwa mara, akutane na mfanyakazi kwa vipindi, wajadili tathmini, na pale inapohitajika amwelekeze au ampe mafunzo. Akianza kuwa na wasiwasi, anapaswa kumweleza mfanyakazi wasiwasi huo na kumpa nafasi ya kujibu au kujirekebisha. Katika hatua hizo mfanyakazi anaweza kuambatana na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ajira husitishwa kwa sababu ya majaribio baada ya mambo matatu: mhusika alielezwa tatizo, alipewa nafasi ya kujieleza, na alipewa muda wa kutosha wa kurekebisha akashindwa.

Mambo hayo matatu ndiyo mifupa ya barua. Kila moja lina tarehe yake, na kila tarehe inahitaji karatasi.

Stoo ya vifaa vya ujenzi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini hauna kitu ambacho ofisa rasilimali watu yeyote hajakutana nacho. Kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi Dar es Salaam imemwajiri mtunza stoo mpya. Ameanza tarehe 1 Machi, na majaribio yake ya miezi sita yanaisha tarehe 31 Agosti. Stoo ina aina 400 hivi za bidhaa: nondo, misumari, mabomba, saruji, rangi, kufuli.

Wiki ya kwanza msimamizi alimpa karatasi yenye vipimo, na wote wawili wakaisaini. Kipimo kikubwa kilikuwa hiki: kila mwisho wa mwezi zitachaguliwa aina 50 bila mpangilio, zihesabiwe kwa mkono, na hesabu ilinganishwe na leja. Zisizolingana zisizidi mbili. Kipimo cha pili kilikuwa cha utaratibu: hakuna mzigo utakaovuka geti bila hati ya kutolea mzigo iliyosainiwa.

Machi ulikuwa mwezi wa kujifunza, hivyo hapakuwa na hesabu. Tarehe 30 Aprili zikahesabiwa aina 50 za kwanza, na tisa hazikulingana na leja. Msimamizi alikuwa na maelezo tayari: huyu hawezi hesabu. Angeishia hapo, sentensi hiyo ingesafiri hadi Agosti na kuingia kwenye barua ikiwa imevaa suti, kwamba mfanyakazi "hana umakini katika utunzaji wa kumbukumbu".

Badala yake, watu watatu walikaa na karatasi za hesabu: msimamizi, ofisa rasilimali watu na mtunza stoo mwenyewe. Walifuatilia tofauti moja baada ya nyingine. Tano kati ya tisa zilitokana na mizigo iliyotolewa jioni kwa amri ya watu wa mauzo, hati zake zikaandikwa kesho yake au zisiandikwe kabisa. Tofauti mbili zilizaliwa na kosa moja: mabomba ya nusu inchi yaliandikwa kwenye kadi ya robo tatu, hivyo kadi moja ikazidi na nyingine ikapungua kwa idadi ileile. Ya nane ilikuwa ya nondo. Mtunza stoo alisaini kupokea nondo 200 bila kuzihesabu, na zilizoshuka kwenye lori zilikuwa 194. Ya tisa ilikuwa ya misumari, ambayo iliingia kwa katoni na kutoka kwa kilo, na hakuna aliyemwonyesha katoni moja ina kilo ngapi.

Hapo picha ikabadilika. Tofauti tano ni za utaratibu mbovu ambao ungemwangusha mtunza stoo yeyote. Nne ni zake, ingawa katika ya misumari naye alikuwa na la kujibu. Kikao cha namna hii huchukua saa mbili, nacho ndicho kinachoamua kama barua ya Agosti itasimama. Tathmini inayojumlisha makosa ya mtu na makosa ya mfumo humpima mfanyakazi kwa jambo ambalo hana uwezo nalo. Tena mwajiri akimwondoa kwa sababu hiyo, atakayefuata atafeli vilevile.

Tarehe 5 Mei mtunza stoo akapewa barua ya kueleza wasiwasi, iliyotaja tofauti nne tu zilizo zake. Ilieleza kwamba atafanya kazi wiki mbili bega kwa bega na mtunza stoo mzoefu wa ghala la pili, na kwamba atapewa orodha ya vipimo vya kila bidhaa. Maelezo yake kuhusu katoni za misumari yaliandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kama alivyoyasema. Siku hiyohiyo meneja aliwaandikia watu wa mauzo kwamba baada ya saa 11 jioni hakuna mzigo utakaotoka bila hati, hata mteja awe nani.

Hesabu ya mwisho wa Mei ilionyesha tofauti sita. Juni zikawa tatu.

Lalamiko lililogeuka ushahidi

Katikati ya Julai likaingia lalamiko. Ofisa mauzo aliandika kwamba mtunza stoo "hana ushirikiano" na kwamba amemfanya mteja asubiri hadi asubuhi. Maneno ya aina hii ndiyo hujaza fomu za tathmini: hana ushirikiano, hajitumi, mzito, ana kiburi. Hayapimiki, na mara nyingi humweleza zaidi aliyeyaandika kuliko anayeandikwa.

Ofisa rasilimali watu aliuliza maswali ya kawaida. Ilikuwa siku gani? Saa ngapi? Nini hasa kilifanyika? Nani mwingine alikuwepo? Majibu yakaonyesha kwamba lori lilifika getini saa 12 kasoro jioni bila hati, na mtunza stoo akakataa kulifungulia. Alifanya kile ambacho meneja aliagiza tarehe 5 Mei. Karatasi iliyoingia kwenye faili kama lawama ikawa ushahidi mzuri kuliko wote kwamba kipimo cha pili kimetimizwa, hata pale palipokuwa na shinikizo.

Tukio hilo linaonyesha pia hatari ya mwezi wa mwisho. Msimamizi anapoandika tathmini ya miezi sita, kinachomjia haraka ni cha juzi: ugomvi wa Julai, au sifa aliyoisikia wiki hii. Aprili imeshasahaulika. Dawa yake ni kumbukumbu zilizoandikwa wakati jambo linatokea, zenye saini za pande zote mbili. Karatasi ya hesabu ya tarehe 30 Aprili ina uzito ambao kumbukumbu ya kichwani ya mwezi Agosti haiwezi kuwa nao.

Hesabu ya mwisho ilifanywa tarehe 28 Julai, mapema kidogo kwa makusudi. Tofauti zilikuwa mbili.

Barua tatu zinazowezekana

Sababu ya kuharakisha ni notisi. Kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Tanzania inataka notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa ajira ikisitishwa ndani ya mwezi wa kwanza, ambapo siku saba zinatosha. Kama uamuzi ungekuwa wa kutomthibitisha, na kampuni inataka ajira iishe pamoja na majaribio tarehe 31 Agosti, barua ingepaswa kumfikia kabla ya tarehe 3 Agosti kupita, au kampuni imlipe mshahara wa kipindi cha notisi. Ofisi inayoanza kutafuta faili tarehe 29 Agosti imeshachelewa.

Safari hii uamuzi ulikuwa wa kuthibitisha, na sehemu ya kati ya barua inaweza kusomeka hivi:

"Katika hesabu ya tarehe 30 Aprili, aina 9 kati ya 50 hazikulingana na leja. Baada ya kikao na wewe ilibainika kuwa 4 kati ya hizo zilitokana na upokeaji na uingizaji wa kumbukumbu, na ulijulishwa kwa barua ya tarehe 5 Mei. Baada ya mafunzo ya wiki mbili, tofauti zilipungua hadi 6 mwezi Mei, 3 mwezi Juni na 2 mwezi Julai, kiwango ambacho kinakubalika. Umesimamia pia utaratibu wa hati za kutolea mzigo bila kasoro tangu mwezi Mei. Kwa hiyo unathibitishwa kazini kuanzia tarehe 1 Septemba. Hesabu za kila mwezi zitaendelea kwa kiwango kilekile."

Hakuna sifa za kupamba wala neno "hongera" linalojirudia. Msomaji ambaye hajawahi kufika kwenye stoo hiyo anaweza kueleza kwa nini uamuzi ulikuwa hivyo, na mtunza stoo anajua kipimo hakijafutwa kwa sababu amethibitishwa.

Sasa hesabu ya Julai ichukuliwe kuwa ilitoa tofauti saba, zote za upokeaji na uandishi, baada ya mafunzo na baada ya watu wa mauzo kurekebishwa. Barua ingepita njia ileile hadi mwisho: kipimo kilichokubaliwa Machi, wasiwasi wa tarehe 5 Mei, alichojibu mfanyakazi, msaada aliopewa, hesabu tatu zilizofuata. Kilichobadilika ni sentensi ya uamuzi, na baada yake siku ya mwisho ya kazi, malipo anayostahili na cheti cha utumishi. Barua ya kutothibitisha haihitaji ukali. Ikiwa na tarehe na takwimu zake, maneno kama "umeshindwa vibaya" hayaongezi chochote isipokuwa uchungu.

Barua ya tatu ni ya kuongeza muda, na ndiyo hutumiwa vibaya kuliko zote. Kanuni ya 10 inairuhusu pale ambapo mwajiri bado hana uhakika, baada ya kushauriana na mfanyakazi, na kwa muda unaofaa. Kutokuwa na uhakika lazima kuwe na sababu. Kama mtunza stoo angeugua wiki tano kuanzia Juni, kungekuwa na hesabu chache mno za kuamulia, na miezi miwili ya ziada ingeeleweka. Barua ingetaja kilichobaki kupimwa, siku za hesabu na tarehe mpya ya mwisho, nayo ingetoka kabla ya tarehe 31 Agosti. Kuongeza muda kwa sababu msimamizi anaona aibu kusema "hapana", au kwa sababu bajeti haijapitishwa, kunamwacha mfanyakazi kwenye majaribio ya jambo lisilojulikana.

Yasiyo na nafasi humo

Kuna sababu ambazo hujipenyeza katika barua hizi zikiwa zimejificha. Mojawapo ni tuhuma ya wizi. Mifuko ya saruji imepungua, mwajiri anamshuku mtunza stoo lakini hana uthibitisho, basi anaona rahisi kuandika kwamba "hakufaulu majaribio". Tuhuma ni suala la nidhamu na ina njia yake: uchunguzi, tuhuma iliyoandikwa, nafasi ya kujitetea. Ikipitishwa kwenye mlango wa tathmini, faili lenyewe huisaliti, kwa maana haiingii akilini mtu aliyeandikiwa maendeleo mazuri Mei, Juni na Julai aonekane ghafla mwezi Agosti kuwa hawezi kazi.

Tarehe husema hivyohivyo pale mfanyakazi anapoarifu kwamba ni mjamzito, au anapojiunga na chama cha wafanyakazi, na wiki mbili baadaye anapokea barua ya kutothibitishwa. Katazo la ubaguzi kazini linamlinda hata aliyeajiriwa jana. Pasipo kumbukumbu za wasiwasi zilizotangulia taarifa hiyo, mwajiri atapata shida kueleza kwamba mambo hayo mawili yamekutana kwa bahati tu.

Alama nyingine ya barua mbovu ni sababu mpya. Mfanyakazi akisoma jambo ambalo hakuwahi kuambiwa kwa miezi sita, hakupata nafasi ya kujibu wala ya kujirekebisha, na mambo yote matatu ya kanuni yamekosekana.

Kimya nacho

Ofisi nyingine haziandiki barua yoyote. Agosti inapita, Septemba inapita, mshahara unaingia kama kawaida, na mfanyakazi anahesabu kwamba ameshathibitishwa. Hapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania imetoa jibu ambalo wengi hawalitarajii. Katika Rufaa ya Madai Namba 61 ya 2016, iliyohusu benki ya NMB, Mahakama ilisema kuthibitishwa hakuji kwenyewe kwa sababu tu muda wa majaribio umekwisha. Anayeendelea kufanya kazi bila kuthibitishwa bado yuko katika majaribio, na hawezi kudai nafuu za kuachishwa kazi isivyo haki kama aliyethibitishwa. Kabla ya hapo, katika kesi iliyohusu Mamlaka ya Mapato Tanzania, Mahakama hiyohiyo ilikuwa imekiona kipindi cha majaribio kuwa ni usaili wa vitendo. Sheria yenyewe haimpi kinga ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo.

Kwa hiyo kimya humwumiza zaidi mfanyakazi. Asome mkataba wake kwanza, kwa kuwa baadhi ya mikataba na makubaliano ya vyama huweka wazi nini kitatokea muda ukiisha bila barua. Kama hakuna kifungu hicho, ni busara kuandika wiki kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, barua pepe ya mistari mitatu, akiomba kikao cha tathmini na kutaja siku ambayo majaribio yanaisha. Yeye pia aje na faili lake: nakala za karatasi za hesabu, barua aliyopewa, majibu aliyotoa.

Kenya imechora mpaka mwingine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka majaribio yasiyozidi miezi sita, yanayoweza kuongezwa miezi sita mingine tu ikiwa mfanyakazi amekubali, na upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba au malipo ya siku hizo. Kifungu cha sheria hiyo kilimwondolea aliye katika majaribio haki ya kusikilizwa kabla ya kuachishwa. Mwaka 2021, katika shauri dhidi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi lilitamka kwamba kumnyima haki hiyo ni kinyume cha Katiba. Mwandishi wa barua Nairobi na mwenzake wa Dar es Salaam wanaongozwa na sheria tofauti, ila wote wawili wanahitaji kuonyesha mfanyakazi aliambiwa nini, lini, na akajibu nini.

Barua ikishatoka, inakabidhiwa mkononi katika kikao kifupi, si kuachwa mezani wala kutumwa kwa WhatsApp Ijumaa jioni. Mfanyakazi husaini nakala kuonyesha ameipokea. Saini hiyo haimaanishi kwamba amekubaliana na yaliyomo, na anaweza kuandika hivyo kando ya jina lake. Asiyekubaliana na kusitishwa kwa ajira yake Tanzania Bara ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hata pale ambapo dai la kuachishwa isivyo haki halimfikii kwa sababu ya majaribio, bado anaweza kudai notisi ambayo hakupewa, mshahara ambao haujalipwa, au kulalamikia ubaguzi. Huko ataombwa mkataba, barua aliyopokea na karatasi zote zilizoitangulia, na mwajiri naye ataombwa zake.